Wino kwenye Nne Wima

Kicheko ndicho kilichomuudhi Bi Wino. Mzee hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Miaka kumi na minne walikuwa wamekaa chumba kimoja pale gazetini, meza kwa meza, na kicheko cha Mzee alikihesabia vidole. Leo anafungua mlango na chai yake mkononi, anamkuta Mzee kaegemea kiti, anacheka mpaka miwani inamtoka, na pembeni yake kakaa yule binti wa kupanga kurasa.

"Haya, Bi Wino, njoo usikie!" Mzee akasema. "Mwanangu huyu kaukamata uzi kabla sijamaliza kumpa karatasi."

Mwanangu! Toka lini? Bi Wino aliweka chai mezani, ikamwagika kidogo, naye akajifanya hakuona.

Mzee ndiye aliyekuwa akitunga fumbo la maneno la kila wiki, na wasomaji walianza gazeti kwa kulifungua nyuma, kwenye kona yake. Fumbo lake halikuwa rundo la maneno tu. Yale majibu marefu, yanayokata ukurasa toka ukingo hadi ukingo, yote yalikuwa na jambo moja linaloyaunganisha, na jambo hilo Mzee aliliita uzi. Ukiukamata uzi, umelimaliza nusu. Usipoukamata, utahangaika nalo mpaka Jumatatu.

Kazi ya Bi Wino ilikuwa kulijaribu kila fumbo kabla halijachapwa. Alilijaza kwa kalamu ya wino, hakutaka kusikia habari ya penseli, na jina likamganda hapohapo. Alianza na kidokezo cha kwanza, akaja cha pili, cha tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, hata kama jibu lilikuwa limeshajitokeza lenyewe. Pole pole, lakini kosa halikumpita.

Sasa Mzee alikuwa anastaafu. Alikuwa na fumbo moja tu la mwisho, na Jumatatu baada ya kuchapwa angemwambia mhariri nani arithi kona. Bi Wino hakuwahi kutamani kitu kama alivyoitamani kona ile. Alishaona jina lake pale juu, akiwa anaosha vyombo, akiwa anangojea zamu yake kwa daktari wa meno. Halafu akaja binti huyu wa kurasa, Chapchap kwa jina la utani, miezi mitano tu, msichana wa kukaa juu ya meza za watu akining'iniza miguu.

Jumatano fumbo la mwisho likaletwa. Juu Mzee alikuwa ameandika kichwa chake: "Watoto wa Nyumba Moja." Nakala moja kwa Bi Wino, moja kwa Chapchap.

"Mmoja akimaliza anitilie saini," Mzee akasema, "mwingine ahakikishe."

Bi Wino alifungua kalamu, lakini macho yalikuwa kwa mwenzake. Binti hakugusa vidokezo vifupi kabisa. Alitafuta mistari minne mirefu, yote ya vyumba kumi na kimoja, akaanza na vidokezo vyake.

"'Hukimbilia medali.' Kumi na moja... mwanariadha!" Akaandika. "'Hupiga gitaa jukwaani.' Mwanamuziki, kumi na moja, inaingia." Akatulia, akatazama kichwa cha fumbo, akapiga meza kofi. "Watoto wa nyumba moja! Wote ni mwana, Mzee! Wote wanne!"

Hata hakusoma vidokezo viwili vilivyobaki. Akaandika MWANA mwanzoni mwa mistari yote miwili, herufi tano tano za bure, ndipo akarudi kusoma. Wa kumtetea mtu mahakamani akawa mwanasheria, wa kuandika yaliyotokea akawa mwanahabari. Ikabaki kazi ya kuvuna. Kila neno la wima lililopita kwenye mistari ile lilikuwa limeshapewa herufi mbili.

"Mbili wima ina A juu na A chini, 'ulichoachiwa ukitunze.' Amana! Tano wima inaanza na A, inaishia na I..."

"Unasoma kwa sauti kama uko darasa la pili," Bi Wino akamwambia.

"Samahani, Dada." Na kweli akanyamaza, jambo lililomuudhi Bi Wino zaidi, maana angependa ajibu.

Dakika kumi na mbili. Chapchap akaandika "Sawa," akatia saini, akaondoka kwenda kupanga kurasa za michezo. Mzee akamsindikiza kwa macho, usoni kama mtu aliyeshiba. Bi Wino roho ikamuuma waziwazi, ikauma kama jino. Mimi nimekula chumvi na fumbo hili miaka kumi na minne, akawaza, hakuna siku nimetazamwa hivyo!

Aliendelea na kazi yake, pole pole. Uzi ulikuwa umeshatajwa, kwa hiyo hata raha ya kuukamata alikuwa ameporwa. Yale majibu marefu alishayasikia, akayaweka kwanza: mwanasheria mstari wa juu, mwanamuziki mstari wa tano. Akafika nne wima, neno la vyumba vitano linaloshuka kati ya mistari hiyo miwili. R ya mwanasheria juu, I ya mwanamuziki chini. Kidokezo: "Nyekundu au kijani, kwa mfano."

Rangi. Akaandika RANGI kwa wino, akaendelea.

Kwenye mstari wa tatu akakwama. Kidokezo kilisema "Mpinzani vitani," vyumba vinne. Adui, nani asiyejua? Lakini chumba cha pili cha neno hilo kilikuwa kimekaliwa na N ya rangi, nacho kilitaka D. Akajaribu tano wima iliyopita mwisho wa neno hilohilo, "Chanzo cha kitu": asili, A ya mwanasheria juu, I ya mwanamuziki chini, na I ya adui katikati. Ilikaa barabara. Kwa hiyo adui ni adui, hakuna ubishi. Basi nne wima ni R, halafu D katikati, halafu I. Radhi.

Lakini radhi si nyekundu wala kijani.

Hapo akaelewa. Alichokifanya Mzee kilikuwa wazi kama kiganja. Pembe ile haikumkubali mwanzoni, akaivunja, akaweka adui na asili, na rangi ikabidi igeuke radhi. Vidokezo vya maneno mawili akavibadilisha. Cha tatu kikamtoka. Na Chapchap? Chapchap alikuwa na R, D na I, neno likajiandika lenyewe, kidokezo hakukisoma hata kidogo!

Bi Wino alikata RANGI kwa mstari, akaandika RADHI juu yake, akazungushia duara kidokezo cha nne wima. Mkono ulifanya hivyo kwa mazoea. Akainuka na karatasi, amwite Mzee.

Mzee alikuwa mlangoni, anaongea na mhariri. "...haraka kama umeme," alikuwa anasema. "Binti ana kipaji, nakwambia."

Bi Wino akakaa chini. Kwani saini ni ya nani hapa? Si ya Chapchap? Wacha watu waone hicho kipaji. Akaifungua droo, akaisukumia karatasi ndani.

"Vipi, Bi Wino?" Mzee akauliza aliporudi. "Liko salama?"

"Mwenzangu si ameshasaini?"

"Ameshasaini. Nakuuliza wewe."

"Liende, Mzee," akasema, bila kuinua uso.

Jumamosi gazeti likatoka. Jumatatu simu zikaanza kabla watu hawajavua makoti. Wasomaji hawana huruma na fumbo. Mmoja aliuliza tangu lini radhi ikawa rangi. Mwingine akasema mzee apumzike tu, kichwa kimechoka, na binti wa mapokezi, bila kufikiri, akaileta salamu hiyo kama ilivyo.

Bi Wino alikuwa ameisubiri saa hii kwa hamu. Chapchap aliingia macho mekundu, hakukaa juu ya meza ya mtu. "Ni mimi, Mzee. Herufi zilikuwepo, sikusoma kidokezo. Nisamehe."

Sasa atamgombeza, Bi Wino akawaza.

Lakini Mzee alitikisa kichwa tu. "Kidokezo nimekiandika mimi. Miaka ishirini na miwili halijanitokea hili." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Labda wanasema kweli. Labda nimeanza kupotea na sijijui. Nenda kafanye kazi, mwanangu, huna kosa."

Binti akatoka. Mzee akakaa, mikono imelala juu ya gazeti, mikono ya mtu mzima kabisa. Bi Wino alikuwa hajawahi kuitazama vile.

Mzee akainama, akatoa chini ya meza faili nene lililofungwa kwa kamba. Akalifungua. Zilikuwa karatasi zake Bi Wino, mafumbo yote aliyowahi kuyajaribu, yenye wino wake, mikato yake, maduara yake, tangu wiki ya kwanza.

"Nilikuwa nakuwekea," akasema. "Kona ni yako. Nilishaamua zamani, wala sikuona haja ya kusema. Uzi mtu anafundishwa akaukamata, yule binti kila siku namfurahia kwa sababu ananikumbusha mimi nikiwa kijana, naruka ruka. Lakini kusoma kila kidokezo mpaka mwisho, hata jibu likiwa limeshajitokeza, hilo sijamwona mwingine. Nipe ile ya mwisho, nilifunge faili, ndipo niende kwa mhariri."

Bi Wino angeweza kusema imepotea. Neno lilikuwa ulimini tayari. Akaitazama kamba, akaitazama ile mikono, akafungua droo.

Mzee aliisogeza karatasi karibu na miwani. Macho yakatembea mstari kwa mstari, yakafika pembe ya juu kulia, yakasimama. RANGI imekatwa. RADHI juu yake. Duara.

"Uliiona," akasema.

"Niliiona, Mzee."

"Jumatano?"

"Jumatano ileile."

Hakuuliza kwa nini. Bora angeuliza, bora angepiga kelele ofisi nzima isikie. Aliiweka karatasi juu ya zile nyingine, akaisawazisha kingo, akafunga kamba mafundo mawili, akalisogeza faili upande wa meza ya Bi Wino. Kisha akainuka, akajishika kiuno kama kawaida yake, akatoka kwenda kwa mhariri.

Kona alipewa Chapchap.

Wiki ya pili meza ya Mzee ilikuwa tupu. Chapchap aligonga mlango uliokuwa wazi, akaingia na fumbo lake la kwanza kalishika kwa mikono miwili.

"Dada, naomba unijaribie wewe," akasema. "Nilimuuliza Mzee siku anaaga, nimpe nani. Kaniambia nikupe wewe, hakuna kinachokupita."

Bi Wino akamtazama usoni. Binti hakujua lolote, Mzee hakuwa amemwambia.

"Lete," akasema, akafungua kalamu, akaanza na kidokezo cha kwanza.