Tumbo Linapokaza

Jumanne ile ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Kutoka barazani mwa kituo chetu cha afya, upande wa Igogo, maji yalionekana kama bati lililolazwa juani, na mbali kidogo nguzo ya wadudu wa ziwa ilisimama pasipo kusogea, nyeusi kama moshi wa kitu kisichoungua. Wanawake kumi na wanne waliketi kwenye mabenchi, kadi za kliniki mapajani. Mimi, Dorotea, mkunga mstaafu niliyerudishwa kazini kwa mkataba, ndiye niliyekuwa na zamu ya somo la asubuhi.

"Sitaki mtu arudi nyumbani na neno asilolielewa," niliwaambia. "Neno usilolielewa ni mzigo usiojua uzito wake. Ulizeni."

Aliyenyosha mkono kwanza alikuwa Sabina, binti mwenye mimba ya kwanza. Kando yake aliketi mama mkwe wake, Kashindye, mwanamke mrefu aliyekaza kitambaa kichwani kama mtu aliyekuja msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Daktari alisema nimefika traimesta ya tatu. Niliona aibu kumuuliza ni ugonjwa gani."

Mabenchi yakacheka. Niliyaacha yacheke, kisha nikayanyamazisha kwa jicho.

"Si ugonjwa. Mimba huhesabiwa kwa wiki arobaini, tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Wiki hizo hugawanywa mafungu matatu, na kila fungu ndilo hiyo traimesta. Katika fungu la kwanza viungo vya mtoto huumbika. Katika la pili hukua, na mama huanza kumsikia akicheza. La tatu huanza wiki ya ishirini na nane. Hapo hunenepa, na mapafu yake hukomaa. Wewe una wiki thelathini na nane. Safari yako imekaribia mwisho."

"Na skani?" aliuliza mwingine. "Wanasema inamchoma mtoto."

"Haichomi. Ni sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Chombo huituma tumboni, nayo hugonga na kurudi, kama ukiita kwenye miamba ya Mwanza nayo ikakujibu. Mwangwi huo mashine huugeuza kuwa picha."

"Basi inaongea na wa ndani," alisema Kashindye kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka.

Nikafika kwenye mkazo. Niliwaeleza kwamba mji wa mimba ni msuli, na kwamba msuli ule hujikunja ukawa mgumu kama ngumi, kisha hulegea. Mikazo ya kujizoeza huja ovyo na hupotea ukitembea au ukipumzika. Mikazo ya uchungu wa kweli hufuata mpangilio. Kila mmoja huja karibu zaidi na ule uliotangulia, tena huwa na nguvu zaidi, wala haimsikilizi mtu.

Sabina aligusa tumbo lake. "Kumbe. Mimi nilidhani hapo ndipo anapocheza."

"Anapocheza vipi?"

"Hivi. Tumbo lote linakuwa gumu, halafu linaachia. Leo asubuhi amecheza mara tatu."

Niliweka chaki chini. "Sabina, nisikilize. Teke, kujigeuza, kusukuma upande mmoja, umevisikia lini mara ya mwisho?"

Alimtazama mama mkwe wake kabla ya kunijibu. Niliona shavu la Kashindye likitikisika.

"Sema, mwanangu. Nimekuuliza wewe."

"Jumamosi."

Upepo haukuwapo, lakini mabenchi yote yalisogea, kila mwanamke akishika tumbo lake.

"Msimtishe mtoto wa watu," alisema Kashindye. "Katika ukoo wetu, mtoto anapokaribia kuja hutulia. Anawaaga wale walio majini. Sisi hupunguza sauti, hatutwangi, wala mama hamwambii mtu mpaka mtoto aagane nao. Wangu watatu walitulia hivyo hivyo. Na tumbo lilicheza hadi siku ya mwisho. Gumu, laini. Gumu, laini."

"Nao wako wapi?"

Alielekeza uso wake ziwani.

Nimefanya kazi hii miaka arobaini na mmoja, nami sikumbuki kusikia baridi barazani pale isipokuwa siku hiyo.

"Mkazo ni kazi ya mji wa mimba," nilisema. "Si kazi ya mtoto. Tumbo hukaza hata..." Nikayameza maneno yaliyosalia. Nilimshika Sabina mkono. "Simama, twende ndani. Mtoto anayekaribia kuzaliwa hatulii. Anapopungua kucheza, mama huja siku hiyo hiyo, hangoji kesho."

Nilimlaza kwa ubavu wa kushoto, nikaweka pembe ya kusikilizia tumboni, sikio langu juu yake, na vidole vyangu kwenye mshipa wa mkono wake. Nilisikia moyo. Pigo kwa pigo ulikwenda sawasawa na mshipa chini ya vidole vyangu. Ulikuwa moyo wa mama mwenyewe, ukipita humo ndani kama mtu anayetembea katika nyumba isiyo na mwenyewe.

"Unamsikia?" aliuliza Sabina.

"Tulia."

Nilihamisha pembe. Kimya. Nikaihamisha tena, chini ya kitovu, upande wa kulia. Mlangoni Kashindye alikuwa amesimama, midomo ikicheza bila sauti. Ndipo nikausikia mwingine, kwa mbali, haulingani na mshipa wa mama. Niliuhesabu dakika nzima: tisini na nane. Moyo wa mtoto wa umri ule haupaswi kushuka chini ya mia moja na kumi.

Nikamwita Daktari Nestory. Alimpaka Sabina mafuta ya baridi tumboni na kupitisha kifaa cha skani. Katika picha ya kijivu mtoto alionekana amekunja magoti, mkono karibu na uso. Hakuusogeza. Katikati ya kifua, kitone kimoja kilifumba na kufumbua, polepole.

"Yu hai," alisema daktari, "lakini amechoka, na maji yanayomzunguka ni machache mno. Hatuwezi kungoja uchungu. Tunamtoa kwa upasuaji, sasa hivi."

"Kujifungua kuna njia mbili," nilimwambia Sabina, maana macho yake yalikuwa yameanza kuzunguka. "Moja ni ile ya kawaida. Nyingine, daktari hufungua tumbo na mji wa mimba na kumpokea mtoto. Utachomwa sindano mgongoni. Kuanzia kifuani kushuka hutasikia maumivu, ila utasikia kuvutwavutwa. Utakuwa macho. Unakubali?"

"Nakubali. Fanyeni haraka, mama."

Alitolewa saa sita na dakika ishirini, mvulana, rangi ya samawati, amelegea kama nguo iliyolowa. Nilimkausha kwa kitambaa, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikamfunika pua na mdomo kwa barakoa na kubonyeza puto la hewa, nikihesabu, kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi yangu ya kuazima. Baada ya muda akakunja uso, akalia, kwa hasira.

Kashindye alikuwa ameketi sakafuni nje ya mlango.

"Yu hai," nilimwambia.

Aliinua uso. "Dorotea. Wale wangu, tumbo lilipokuwa likikaza, walikuwa wamekwisha kufa?"

Ningeweza kumdanganya. Sikufundishwa hivyo.

"Sikuwapima. Inawezekana."

"Nami nikawakataza watu kutwanga, wasije wakawasumbua."

Alasiri nilimkuta wodini, mjukuu amelazwa kifuani kwa Sabina, amelala baada ya kunyonya. Kashindye alikuwa amemwinamia. Kila mtoto alipotulia kidogo, bibi yule alinyosha kidole na kumkwaruza unyayo, mpaka mguu urushwe.

"Mwache," nilisema. "Aliyezaliwa ana haki ya kulala."

"Najua," alijibu, na akamkwaruza tena.