Ofa Inatajwa Mara Moja

Mimi cherehani yangu ipo barazani kwenye duka la vitenge la Mama Yeremia, Mkuyuni, kwa hiyo yanayosemwa dukani nayapata yote, hata nisiyoyataka.

Wiki ile ya Krismasi niliyataka. Queen, binti wa Mkolani anayeuza mle ndani, alikuwa amemkimbiza mteja. Kamtupia kitenge begani, kaanza kukifunga kwenye mfuko, dada wa watu hajasema neno. Mama Yeremia akamwandikia karatasi, akaibandika karibu na kioo:

“Salimia. Taja ofa mara moja: doti mbili za kitenge, kilemba bure, mwisho mkesha wa Krismasi. Sema, ‘Angalia kwa nafasi yako, nipo hapa.’ Rudi nyuma. Akiuliza, jibu ukweli.”

“Ukirudia kumganda mtu, kesho usije,” akamwambia. Queen akaisoma kwa sauti mpaka mimi nikaikariri.

Mchana akaingia mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Tuna ofa ya sikukuu. Ukichukua doti mbili za kitenge, unapata kilemba bure, mwisho mkesha wa Krismasi. Angalia kwa nafasi yako, nipo hapa.”

Akarudi nyuma, akashika mikono yake kana kwamba itamtoroka. Yule mama akapapasa kitenge cha bluu, akakiacha, akakirudia. Nikasimamisha cherehani.

“Na nikichukua moja?”

“Kilemba hakimo, mama. Bei ni ile ile.”

“Mm.” Akaendelea kupapasa.

Sasa aliyeshindwa kuvumilia ni Mama Yeremia. Alitoka nyuma ya kaunta na doti mbili, moja tayari iko begani kwa mteja. “Wifi yangu, hii imekukaa, ofa yenyewe inaisha, chukua mbili tu—”

Mteja akasogeza kikapu kuelekea mlangoni.

Queen akanitazama mimi, akaitazama karatasi. Nikajua anafikiria kesho. Akasema polepole, “Bosi, mara moja. Nilishaitaja.”

Tajiri wake akabaki na kitenge hewani. Mimi nikainamia sindano, maana kucheka pale ni kutafuta baraza jingine.

Aliyecheka ni mteja. “Kumbe na wewe unafundishwa, mama? Kaa basi. Binti, nipishe njia, nikione hicho cha bluu kwenye mwanga.”

Alichukua doti moja. Moja, bila kilemba, na akanipa mimi nimshonee. Wakati nampima akaniambia ana wenzake wa kwaya, atawaambia kuna duka Mkuyuni unaweza kupapasa ukapumua.

Jioni Mama Yeremia alibandua karatasi, Queen akakaukia pale pale. Bosi akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu, “Hata mwenye duka,” akaibandika tena.

“Kesho wahi,” akasema. “Na hiyo sauti ya ‘nipo hapa’ iwe ya chini kidogo. Ulinitisha hata mimi.”