Floti Yangu, Laini Yake

Wifi yangu hana breki mdomoni. Aliingia kibandani kwangu wateja wakiwa kwenye foleni, akabamiza barua ya mamlaka ya kodi juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi, "Mwizi mkubwa wewe! Milioni mia tisa zimepita kwenye laini yangu, na mimi unanipa vijisenti vya mboga!"

Laini ya uwakala ni yake kwa jina, hilo sikatai. Nilipotaka kuanza kutoa na kupokea pesa za watu kwa simu sikuwa na leseni wala namba ya mlipakodi, yeye alikuwa navyo. Akaniandikishia, ndugu kwa ndugu. Mwanzo aliomba cha chai. Baadaye cha chai kikawa laki mbili kila mwezi, mkononi, bila karatasi, na nikichelewa siku moja anampigia mume wangu, kaka yake, kumuuliza kama ameoa mke au kibaka. Floti, yaani mtaji wenyewe wa kuzungusha, niliweka mimi kutoka benki, senti kwa senti.

"Barua inasema hujapeleka hesabu za mwaka," nikamwambia baada ya kuisoma. "Haisemi nimeiba."

"Twende kwa mhasibu. Leo hii. Nataka nusu yangu, na usiponipa, laini naichukua."

Na hapo ndipo aliponiweza. Bila laini ile sina kazi, na watoto wangu wanakula kutoka kaunta hiyo. Nilifunga kibanda, nikabeba simu ya kazi na mfuko wa risiti, tukaongozana kama watu wanaokwenda kituo cha polisi.

Mhasibu anakaa ghorofani juu ya duka la rangi, kwenye chumba chenye feni inayolalamika kuliko yeye. Ni mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Alisoma barua, akafungua taarifa ya mwaka mzima ya laini, wifi akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hiyo hapo! Milioni mia tisa! Gawa kwa mbili."

"Hizo ni pesa za watu, mama," mhasibu akajibu. "Mtu akiweka laki kwenye simu yake, wakala anapokea noti laki na floti ya simu inapungua laki. Akitoa, kinyume chake. Hakuna aliyepata kitu hapo. Mapato ya wakala ni kamisheni tu."

"Kamisheni ni shilingi ngapi?"

"Milioni sita na laki mbili. Kampuni ilikata asilimia kumi kabla ya kulipa, lakini ile si gharama. Ni kodi iliyotangulizwa, itapunguzwa kwenye kodi ya mwisho. Kwa hiyo tunaanza na kamisheni nzima."

Nikaona bora nijitetee mapema. "Mimi kwenye daftari langu nimeandika milioni tatu. Ndiyo niliyotoa. Nyingine nilikuwa naihamishia kwenye floti ikue, sijaila."

Alinitazama kama mtu anayemchelewesha. "Kamisheni ikishaingia ni mapato, uile usiile. Na hii ada ya shule, kwa nini iko kwenye gharama?"

"Si nimelipa?"

"Umelipa kama mama, si kama wakala. Toa."

Wifi akacheka kwa dharau. Nilitamani kumrushia kikokotoo.

Risiti zilipangwa mezani: kodi ya kibanda, umeme, kibali, makato ya benki na nauli za kwenda kutafuta floti, mshahara wa dada anayenisaidia. Zote zina jina langu. Jumla ilikuwa milioni tatu kasoro elfu thelathini.

"Kuna gharama nyingine?"

"Ipo. Laki mbili kila mwezi kwa huyu hapa. Milioni mbili na laki nne kwa mwaka."

"Uongo!" wifi akaruka. "Ile ilikuwa zawadi. Familia inapeana."

"Zawadi gani inadaiwa kwa simu za saa kumi na mbili asubuhi?"

"Karatasi iko wapi?"

Sikuwa nayo, na alijua. Mhasibu alieleza bila kupandisha sauti: biashara ni ya aliyeweka mtaji na kuiendesha, yaani mimi; wifi akisaini kwamba alipokea kwa ajili ya kukodisha laini, kwangu ni gharama na kwake ni mapato, ayatangaze. Wifi akasonya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kodi yangu aliiona tamu, yake imemkaba koo.

"Sisaini! Laini ni yangu, kamisheni imeandikwa jina langu, basi mapato ni yangu yote. Na kibanda nachukua Jumatatu!"

Hasira zilinipanda, lakini kwa mara ya kwanza siku ile zilinipa akili. Nilianza kukusanya risiti zangu mojamoja, nikazirudisha mfukoni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nakuachia mapato yako. Risiti ni zangu."

Akamgeukia mhasibu. Mhasibu akavua miwani. "Ukitangaza milioni sita na laki mbili na huna ushahidi wa gharama hata moja, mkaguzi atazikataa. Utatozwa kwenye kamisheni nzima."

Feni ililalamika. Wifi alihesabu kwa midomo, akahesabu tena. Halafu akavuta kalamu, na akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo: amepokea milioni mbili na laki nne. Nikarudisha risiti mezani.

"Haya, tumeelewana," akasema, sauti imelainika ghafla. "Sisi ni ndugu, wifi yangu. Tuendelee kama zamani."

Mhasibu alimaliza kutoa gharama zote kwenye kamisheni. "Faida yako ya kutozwa kodi ni laki nane na elfu thelathini."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Ya mwezi?"

"Ya mwaka. Na ulianza mwaka na floti ya milioni tano, simu na noti pamoja. Ukafunga mwaka na milioni nne na elfu kumi. Ulidhani unaikuza, kumbe umepeleka nyumbani zaidi ya ulichopata. Ulikuwa unakula mtaji."

Nikaangalia karatasi iliyosainiwa, nikaangalia karatasi ya faida. Mimi niliyesimama kuanzia alfajiri, nikakagua noti bandia, nikatukanwa na walevi, nimepata laki nane. Yeye aliyelala amepata milioni mbili na laki nne. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakifulia nguo. Niliumia mpaka machozi yakaja, na nikachukia kwamba ameyaona.

Nikatoa simu ya kazi. Nikabonyeza namba ya siri, nikahamishia floti yote ya simu kwenye akaunti yangu ya benki. Ujumbe ukaingia: salio, sifuri. Nikaitelezesha simu kwa wifi.

"Laini yako hiyo."

"Na pesa?"

"Pesa ilikuwa mtaji wangu. Mhasibu ana karatasi za benki. Noti ziko kwenye droo yangu, na droo iko kwenye kibanda nilichopanga mimi."

"Kaka yangu atajua leo hii!"

"Mwambie. Mwambie na tarakimu, usisahau hata moja."

Aliishika simu, akaiwasha, akaitazama ile sifuri. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, na safari hii hakupiga kelele.

"Wifi, na mwezi huu mimi nitakula nini?"

"Kamisheni," nikamwambia, nikashuka ngazi.