Mistari Miwili Juu ya Kiazi

Mimi nina ugonjwa mmoja tu: haraka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajanawa hata mikono, kule Kigoma, na tangu turudi Gisenyi sijaweza kumngoja mtu wala chai ipoe. Nawaambia mapema ili nikifika pale nilipoharibu, msiniulize ilikuwaje.

Nafundisha darasa la tano huko Cyanzarwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Mwezi wa pili mwalimu mkuu wetu, Evode, alinikabidhi tableti ya msaada mbele ya wazazi wote, wakanipigia makofi na vigelegele kama bibi harusi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza mtandao uko wapi. Pale shuleni mtandao unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria. Unafungua ukurasa mzuri saa mbili asubuhi, saa tatu watoto wakiingia unawaonyesha kiduara kinachozunguka. Siku moja nilikaribia kuitupa dirishani.

Kisha nikagundua skrinishoti, na niligundua kwa ajali. Nilikuwa naandaa somo la viazi, tableti ikaniteleza magotini. Nikaidaka ubavuni, kidole kimoja kwenye kitufe cha kuwashia, kingine kwenye kitufe cha kupunguza sauti, vyote kwa mara moja. Ikasema *kacha!*, skrini ikameta, ukurasa ukajikunja ukawa kipicha kidogo pembeni chini. Astaghfirullah, nikasema, nimevunja mali ya wafadhili. Kumbe wapi! Nilipofungua mahali picha zinapokaa nikakuta folda mpya, ndani yake ukurasa wangu mzima. Nikazima mtandao kabisa, nikaufungua tena. Ukafunguka! Nilicheka peke yangu darasani.

Tangu hapo kila Jumamosi, nikiwa nyumbani mjini ambako mtandao upo, nilikuwa napiga skrinishoti za wiki nzima. Nikajua tabia zake zote. Ukitangulia kitufe cha sauti, unapunguza sauti tu. Ukikawia kwenye kile cha kuwashia, inakuletea mambo ya kuzima. Lazima vibanwe pamoja na kuachiwa upesi. Inachukua kile kinachoonekana tu, kwa hiyo ukurasa mrefu unauteremsha na kupiga tena kipande kwa kipande. Na kile kilichochukuliwa ni picha, si ukurasa tena. Ukigusa neno lililokuwa likikupeleka kwingine, halikupeleki popote. Ila kinachoonekana inakichukua chote: saa, betri, na chochote kilichopita juu wakati huo.

Hilo la mwisho nililisema kwa mdomo wangu kwenye mkutano wa wazazi, nilipowafundisha nao wapige kwa simu zao, ili tangazo la shule lisiwapotee. Nililisema, wallahi. Nikasahau.

Sasa nimlete Mukandori. Ni mama yake Belise, msichana wa darasa langu. Familia yao ilirudi kutoka Masisi, Kongo. Kila asubuhi anavusha karoti na poireaux, vile vitunguu vya majani marefu, kwenda Goma ng'ambo kupitia Petite Barrière, kivuko cha waendao kwa miguu, na wanawake wenzake wanaovusha mboga wamemchagua awe présidente wao, maana ana sauti, na hata polisi wa mpakani wanamsikiliza. Karatasi ikiletwa, anapapasa kifuani na kusema, "Ayi, lunettes zimebaki nyumbani, we soma tu." Miaka sita lunettes zinabaki nyumbani. Hana miwani hata moja. Hajui kusoma.

Mwezi wa tatu alinijia, akafunga mlango wa darasa mwenyewe.

"Mwalimu, nifundishe. Lakini wale bamama wakijua tu, naacha siku ile ile. Na u-présidente naacha. Siwezi kukaa mbele yao tena, unasikia?"

"Nasikia, mama Belise."

"Apa."

Nikaapa. Kila Jumanne, watoto wakishaondoka, tulikaa sisi wawili. Mwanzoni alikuwa anabonyeza kalamu hadi karatasi inatoboka. Mwezi wa tisa alikuwa anasoma maandishi ya magunia. Mimi na haraka yangu yote, kwake nilijua kungoja. Sijui subira ile niliitoa wapi.

Basi, Ijumaa moja mwezi wa kumi, saa kumi na moja kasoro, nilikuwa shuleni, moto, yule dereva wa pikipiki, ananipigia honi nje anipeleke mjini. Mtandao ulikuwa umekuja. Nikafungua ukurasa wenye mchoro wa kiazi, unaoonyesha kwamba kiazi ni shina na si mzizi, na kwamba yale macho yake ni machipukizi. Nilitaka kuutuma kwenye grupu la wazazi, watoto waje Jumatatu na kiazi kilichochipua. Nikabana vitufe vyangu viwili. *Kacha!*

Wakati huohuo ujumbe ulidondoka juu ya skrini, maana nilikuwa nimeiunganisha tableti na WhatsApp ya simu yangu. Jina: Mukandori. Mistari miwili.

*Mwalimu ni mi Mukandori. Hii nimeandika mi mwenyewe bila Belise. Usiambie mutu.*

Jamani! Machozi yalinitoka. Ujumbe wake wa kwanza maishani! Nikainuka, nikazunguka meza, nikamjibu "Hongera sana mama", moto akapiga honi tena, kipicha cha kiazi kwenye folda kinaningoja. Nikakigusa, nikachagua kutuma, nikachagua grupu la wazazi, nikatuma. Sikukifungua kikubwa nikakitazama. Betri asilimia tisa. Nikatupa tableti mkobani, nikapanda pikipiki nikiimba.

Grupu lile nilishalinyamazisha zamani kwa sababu ya makelele ya wazazi. Nilifika nyumbani, nikaweka tableti kwenye umeme, nikaswali magharibi, nikala. Kisha nikafungua nione wanabishanaje kuhusu kiazi.

Walibishana, ndiyo. "Kiazi ni mzizi, mwalimu anatudanganya." Halafu mzee Habiyaremye, mkulima, mtu mpole kuliko wote: "Picha iko muzuri. Lakini hapo juu Mukandori anasema nini?"

Nikaigusa picha, ikajaa skrini. Juu ya kiazi, safi kabisa, herufi kwa herufi, ile mistari miwili.

Ningeweza kukata sehemu ya juu kabla ya kutuma. Mahali pa kukatia papo palepale. Sekunde tano tu! Nikabana picha kwa kidole, nikachagua kufuta, nikachagua kufuta kwa wote. Ikatoweka, ikabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa. Nikapumua. Nikajiambia labda wameona wawili watatu, labda Mukandori hajaona, labda sina haja ya kumwambia. Ndiyo, nilifikiria hivyo. Siwafichi.

Ikaingia picha. Kiazi kilekile. Mistari ileile.

"Mwalimu," ameandika Habiyaremye, "picha yako imepotea, lakini usiogope. Mi nilipiga skrinishoti kama ulivyotufundisha. Naituma tena."

Nililia na kucheka kwa pamoja. Ile yangu niliweza kuifuta. Ya kwake ni picha mpya, iko kwenye simu yake, na grupuni anayeweza kuifuta ni yeye au msimamizi. Msimamizi ni Evode, na Evode Ijumaa jioni yuko mazoezi ya kwaya, simu imezimwa. Nikampigia Habiyaremye. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena kama kichaa. Chini yake maneno yanaingia: "Kumbe présidente hajui kusoma?" "Na zile lunettes?" Nyuso za kucheka. Evode alipofungua simu na kuifuta, walioiona walikuwa arobaini na mmoja, na nani anajua wangapi walikuwa wamebana vitufe vyao viwili. Wanafunzi hodari ndio walioniponza. Wazazi wangu wote walifaulu somo lile.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumamosi alfajiri nilikuwa Petite Barrière. Nilipita kati ya mabeseni na mafungu ya vitunguu hadi nikamwona Mukandori amesimama, beseni la karoti liko chini. Kando yake Nyirasafari, mwenzake wa biashara, ameshika simu. Wanawake wengine saba wanane wamewazunguka. Wamenyamaza. Wanawake wa Petite Barrière wakinyamaza, ujue kuna maiti.

"Mama Belise," nikasema, "nimekukosea."

Hakuniangalia. "Nyirasafari anasema hapa kuna maneno yangu. Nimemukataza kunisomea." Akanyoosha mkono. "Leta."

Akaikamata simu kwa mikono miwili, akaisogeza usoni. Hakupapasa kifuani.

"Mwa... li... mu. Mwalimu. Ni mi." Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya kioo. "Mu-ka-ndo-ri. Hii ni... me... a..." Akakwama. Midomo yangu ilifunguka imsaidie, nikaiuma. "Ni-me-a-ndi-ka. Nimeandika. Mi mwenyewe. Bila Belise."

Hakuna aliyecheka. Nyirasafari alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Akafika maneno ya mwisho. Hayo aliyasoma bila kukata, akiwa ananitazama mimi.

"Usiambie mutu."

Akamrudishia Nyirasafari simu.

"Sikufanya kusudi," nikasema. "Ni haraka yangu. Sikutazama."

"Mwalimu, mi nilikuandikia wewe. We peke yako." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Siku nzima nimeandika ile. Nafuta, naandika, nafuta. We ulishindwa kuiangalia kidogo tu?"

 

Akainama, Nyirasafari akamtwika beseni, akaingia kwenye foleni ya kuvuka. Wanawake wakamfuata mmojammoja. Mmoja aliponipita akasema taratibu, "Mi hata jina langu sijui kuandika." Sikujua ananilaumu au ananiambia nini.

Jumapili sikulala vizuri, sikula vizuri. Jumatatu watoto walileta viazi vilivyochipua, nikafundisha kama mtu anayesoma hitima. Belise hakunyoosha kidole hata mara moja. Nilikuwa naangalia simu kila baada ya dakika, najichukia, naangalia tena. *Naacha siku ile ile*, ndivyo alivyosema, na Mukandori si mtu wa kusema mara mbili.

Jioni ya Jumatatu nilikuwa kwenye tableti naandaa somo, ujumbe ukadondoka juu ya skrini. Jina: Mukandori. Sikuona vizuri kwa macho yaliyojaa maji, nikajifuta.

*Kesho nakuja. Wako bamama watatu nyuma yangu, lakini kwanza mi peke yangu. Usipige picha.*

Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye vitufe, wallahi, kimoja huku kimoja kule, kwa mazoea tu. Nikaviondoa. Nikaiweka tableti mezani, nikakalia mikono yangu, nikausoma ujumbe ule taratibu, neno kwa neno, hadi skrini ikazima yenyewe.