Stabilaiza ya Josepha

"Hata Sabato, Gasper! Hata siku ya Mungu unachomelea vyuma!"

"Mama Josepha, nimevaa suti. Umewahi kuona mtu anachomelea kwa suti na tai?"

"Suti unaivalia kanisani. Ukirudi unaivua, unaingia banda lako kimyakimya, unaniulia mayai!"

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini kwangu na chai, katikati kabisa ya nyumba zao, na sitasema uongo: kiti changu nilikigeuza ili nisipitwe. Mtaa wetu hapa Kasulu hauna ukuta wa maana. Ukipiga chafya, watu watatu wanakutakia afya kabla hujafuta pua.

Kisa chenyewe kila mtu alikijua. Josepha ana mashine ya kuangulia vifaranga, ameiunganisha kwenye stabilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, ili umeme usimtese. Kwa wiki mbili sasa ile stabilaiza ilikuwa haipumziki: ta! ta! ta! mchana kutwa, na kila ikilia taa ya sebuleni inapauka halafu inang'aa. Na wiki hizohizo ndipo Gasper aliponunua mashine mpya ya kuchomelea. Mtaa mzima ukajumlisha, ukapata jibu.

"Ingia mwenyewe bandani ushike mashine," Gasper akasema. "Kama ina joto, nihame leo."

"Nani ataingia kwenye magamba yako ya chuma? Mwenyekiti ameshasema. Kesho jioni anakuja, na wewe unatoka."

Hapo Gasper akalegeza tai. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mama Pelagia, alikuwa amesema hivyo kweli: mashine itoke katikati ya nyumba za watu, iende huko nyuma ya mnada. Huko nyuma ya mnada umeme haujafika. Kumwambia Gasper aende huko ni kumwambia aache kazi. Lakini niliona kilichomkaa kooni si hicho. Ni Sabato. Yeye ni shemasi. Kuambiwa mbele ya majirani kwamba anachomelea kwa siri Jumamosi, ni kama umemvua ile suti barabarani.

Akaingia ndani. Na stabilaiza ya Josepha, huku Gasper yuko ndani, banda lina kufuli, ikapiga: ta! ta!

Nikamwangalia Josepha. Josepha akaangalia kufuli. Akasema, "Ameiweka chumbani."

Jua lilipozama ile stabilaiza ilinyamaza, na Josepha akashangilia mapema. Watu walipowasha majiko na taa, volti ikashuka, ikazidi kushuka, mwisho stabilaiza ikakata kabisa. Josepha akafunika mayai kwa blanketi, akaleta chungu cha makaa, na jina la Gasper tukalisikia mpaka tulipolala.

Sasa mimi ni dereva wa gari la watu wa umeme. Asubuhi napigiwa simu: Bene, nenda Kibondo ukamlete fundi Careen, transfoma ya kituo imegoma kubadili tepu. Careen alikuwa huko kwenye laini ya Murungu. Nikamkuta ameshavaa gauni la kanisani.

"Bene, wewe ni adui wa wokovu wangu," akasema, akapanda.

"Mwakeye, habari za asubuhi, fundi. Mimi natumwa tu."

Njiani nikampa habari zote za mtaa, maana safari bila umbea ni mafuta ya bure. Tumefika usawa wa Makere nikafika kwenye Sabato na kufuli. Careen alikuwa amefumba macho. Akayafungua.

"Ilikuwa inalia na banda limefungwa?"

"Mbele ya macho yangu."

"Jioni ikanyamaza, halafu volti ikaanguka?"

"Hivyo hivyo."

"Kanyaga mafuta," akasema.

Kituoni tulimkuta Majaliwa, mwendeshaji wa zamu, naye ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwa Josepha. Macho mekundu. Ndani ya chumba cha uendeshaji taa ndogo ilikuwa inawaka kwenye ile rilei inayolinda volti.

"Tangu jana inaagiza ipande tepu moja," Majaliwa akasema. "Namba ya tepu haisogei."

Ngoja nieleze kama nilivyoelezwa. Transfoma ina ngazi ndani yake, wanaziita tepu. Mji ukitumia umeme mwingi volti inashuka. Rilei inaona, inaiamuru mota ipandishe ngazi moja, na inafanya hivyo bila kukata umeme. Mji ukilala, inashusha. Kazi ya kimya, hupaswi hata kujua ipo.

Careen akatoa rilei kwenye uendeshaji wa yenyewe, akaweka wa mkono, akabonyeza kupandisha. Kimya. Akavaa ovaroli juu ya gauni, tukatoka uani hadi kwenye kabati la mota ubavuni mwa transfoma. Akaangalia kwanza kiwango cha mafuta ya chumba cha tepu na kile kifaa kinachojifyatua mafuta yakisukumika kwa hitilafu. Kiko sawa. Akafungua kabati.

"Swichi ya kulinda mota imejifyatua. Mota imechemka."

"Irudishe basi," nikasema mimi, mjuaji.

"Nikiirudisha kabla sijajua ilichokataa ni nini, naweza kuvunja kilichokwama." Akapiga simu makao ya udhibiti kuomba ruhusa, akachukua mkono wa kuzungushia. Ukiuchomeka ule, umeme wa mota unakatika wenyewe, usije ukakuvunja kiwiko. Akazungusha polepole, ameinamisha sikio, hadi tepu nzima ikakamilika, maana hairuhusiwi kuiacha njiani. Ndani kukalia kishindo kimoja kizito, kisafi.

"Haijakwama. Inazunguka kama cherehani mpya."

Akautoa mkono, akarudisha swichi, akabonyeza. Mota ikanguruma, ikapanda ngazi moja, ikasimama ilipotakiwa. Volti ikakaa vizuri. Majaliwa akapumua, akanyoosha mkono kumshukuru.

"Bado," Careen akasema. "Mota haichemki kwa kukaa bure. Tuiache ifanye yenyewe tuone."

Akairudisha kwenye uendeshaji wa yenyewe. Hatukungoja. Rilei ikaona volti imezidi kidogo, ikashusha. Punde ikaona imepungua kidogo, ikapandisha. Ikashusha. Ikapandisha. Uani kule mota inaguna, inanyamaza, inaguna. Mimi mwenyewe nikaanza kusikia ta! ta! kichwani.

"Hiyo ndiyo stabilaiza ya Josepha!" nikapiga kelele.

Careen akaizima ile hali, akageuka. "Nani amegusa mipangilio?"

Majaliwa akaanza kufuta meza safi. "Si ni huyo mama! Kila jioni yuko langoni kwangu. Eti volti ya asubuhi na ya jioni haziko sawa, mayai yanaona tofauti. Jirani, utafanyaje? Nikaona nikibana kidogo, nisiruhusu icheze, atatulia. Nikabana ile nafasi ya volti kupanda na kushuka, na muda wa kusubiri nikaupunguza ili iwahi."

"Ulibana mpaka asilimia moja juu, moja chini."

"Nilitaka iwe sahihi sana."

"Majaliwa, ngazi moja ya transfoma hii ni asilimia mbili na nusu. Umeiambia isimame kwenye nafasi ndogo kuliko hatua yake. Ikipanda inazidi, ikishuka inapungua. Itasimama wapi?" Hakupandisha sauti. "Na kwa kuwa haisubiri, kila mashine ya kusaga ikiwashwa mjini, yenyewe inakimbia. Wiki mbili mota haijapumzika."

Akarudisha nafasi kuwa asilimia mbili kila upande, ili hatua moja iingie na ibaki na pa kutikisikia. Muda wa kusubiri akaurudisha karibu dakika nzima, kama karatasi ya mipangilio iliyoidhinishwa inavyosema. Tukakaa. Mashine fulani mjini ikavuta, sindano ya kipimo cha volti ikainama, rilei ikasubiri, sindano ikarudi yenyewe. Haikuguswa tepu yoyote. Nilikunywa soda nzima pale, mota iko kimya kama mgeni wa heshima.

"Nitachukua sampuli ya mafuta, na tuombe siku ya kuizima tukague vigusio vyake, maana vimeliwa," Careen akasema. "Na nitaripoti."

"Ripoti, fundi. Ila mtaani..." Majaliwa akaniangalia mimi, nadhani kwa sababu anaujua mdomo wangu. "Mtaani tuseme tu transfoma ilipata hitilafu. Ikapona."

"Ya transfoma ni yangu," Careen akajibu. "Ya mtaa ni yenu. Lakini mtu anafukuzwa leo."

Majaliwa akarudi kufuta meza. Alipotoka zamu akapanda gari langu, akakaa nyuma, na mimi, amini usiamini, sikuongea mpaka tumefika.

Kwa Josepha watu walishajaa, nusu wamekuja kushuhudia, nusu kunusa sufuria. Mama Pelagia amekaa kwenye kiti cha mgongo. Gasper amesimama nje ya uzio, mikono nyuma.

"Basi, mwanangu Gasper," Mama Pelagia akaanza, "unajua uamuzi wetu..."

"Mama, ni mimi," Majaliwa akasema.

"Wewe nini?"

Akasema yote. Alisema vibaya, anarudi nyuma, anaruka, lakini alisema. Alipofika kwenye lango lake na malalamiko ya kila jioni, watu wakageuka kumtazama Josepha, na Josepha akatazama mwiko aliokuwa nao mkononi.

"Maneno matamu," Mama Pelagia akasema. "Mimi nataka kuona. Gasper, washa mashine."

Gasper akafungua banda. Sote tukasongamana sebuleni kwa Josepha tukiikodolea macho stabilaiza kama runinga ya mpira. Huko nje cheche zikaruka. Taa ikakonyeza, kidogo sana. Stabilaiza: kimya. Akachomelea tena, kwa muda mrefu. Kimya. Ndani ya mashine ya kuangulia, sauti nyembamba ikalia pii, na nyingine ikaijibu, ndipo Josepha akaweka kiganja kifuani.

Gasper akaja, miwani myeusi kipajini. "Kule kukonyeza taa nikianza, hiyo ni yangu, sikatai. Nitamwomba fundi anivutie waya wangu peke yangu kutoka nguzoni."

"Akae," Mama Pelagia akasema, akainuka. "Na Majaliwa, siku nyingine mtu akikusumbua langoni, mlete kwa mwenyekiti, usimpeleke kwenye transfoma."

Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika polepole, kwa jinsi isombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilivyokuwa inanukia. Gasper alisharudi upande wake wa uzio. Josepha akamfuata mpaka kwenye mpaka, mwiko ungali mkononi.

"Shemasi."

Gasper akasimama. Josepha hakuwahi kumwita hivyo.

"Neno la Sabato nililisema mbele za watu. Na ninalifuta mbele za watu: halikuwa kweli." Akavuta kanga yake. "Isombe ina mawese ya jana, ugali ni wa muhogo, nimeusonga sasa hivi. Pita hapa hapa kwenye uzio, usizunguke. Na wewe Majaliwa, unajificha nini nyuma ya Bene? Ingieni ndani mle."