Kucha za Niyonkuru

Mtu anayejisifu mimi huwa ananichosha, na Kipriani fundi alikuwa hodari wa kujisifu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka langu, mtaa wa soko hapa Kasulu, na kila nguo aliyoimaliza lazima anigeuzie mbele na nyuma.

"Ona mshono huu, Mama Hashimu. Utafikiri umetoka kiwandani."

"Kiwandani hawapigi kelele namna hii," namjibu, naye anacheka. Tulizoeana.

Mwaka ule wakimbizi walikuwa wengi, na Kipriani alikuwa akishona sare za shule za kambini mpaka mguu unavimba kwa kukanyaga. Katikati ya pilikapilika hizo mkewe, Uwimana, akajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, wakamwita Niyonkuru. Uwimana kwao ni kijiji cha Kagerankanda, huku huku Kasulu. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mpole kiasi kwamba ukimsalimia, lazima utege sikio upate jibu. Watu wapole hunitia hasira kidogo. Sijui kwa nini.

Mtoto alizaliwa na kucha ndefu. Zilikuwa laini na nyembamba, lakini zilichana vizuri tu. Kila asubuhi Uwimana akija naye barazani, shavuni pana mstari mpya mwekundu, na siku moja mstari ulifika karibu kabisa na jicho. Nikamwambia azing'ate kwa meno, kama mama wengi wa huku wanavyofanya.

"Meno yanachana, Mama Hashimu," akasema. "Huoni yanapoishia. Na mdomo una uchafu wake."



Basi akachukua kimkasi cha mumewe cha kukatia nyuzi, kitu kikali chenye ncha ya kuchoma. Kidole cha mtoto mchanga kina shida yake: ngozi ya chini imegandamana na ukucha, na mtoto akiwa macho hatulii. Niyonkuru akavuta mkono na damu ikatoka. Lilikuwa tone tu, lakini mtoto alipiga kelele, na Kipriani akaruka kutoka kwenye cherehani kana kwamba amekatwa yeye.

"Kuanzia leo usimguse mwanangu na mkasi! Mikono yako si ya kazi hii!"

Aliyasema hayo mbele ya wateja. Uwimana alikibonyeza kidole kwa kitambaa safi mpaka damu ikakatika. Toka hapo nikawa namwona akimshika mwanawe kwa woga, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani na anaogopa kitadaiwa. Iliniuma. Mwanamke kuogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe!

Kipriani akashona soksi za mikono kwa vipande vya flaneli vilivyobaki. Kwa nje zilipendeza, sitasema uongo. Akamvalisha mtoto mwenyewe, akamzungusha baraza nzima tumwone.

"Uso hautaguswa tena. Shida imekwisha," akatangaza.

Siku ya gulio, mchana, Niyonkuru akaanza kulia. Kilio chenyewe hakikuwa cha njaa wala cha usingizi. Kipriani akasema ni mchango, tumbo linamsokota. Mimi nikasema ni joto. Mteja mmoja aliyekuja kupima suruali akasema apewe maji, nikamwambia ashughulike na suruali yake. Uwimana alimpa ziwa, mtoto akalitema.

Hapo ndipo yule mpole akafanya jambo ambalo sisi wenye midomo hatukulifikiria. Alisukuma sare pembeni, akamlaza mtoto kwenye meza ya kukatia, akamvua kila kitu, akaanza kumkagua toka utosini. Nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Alipofika mkono wa kulia akaivuta soksi, na soksi ikakataa kutoka. Akaipindua taratibu.

Ndani Kipriani hakuwa amepinda kingo za kitambaa. Nani angetazama ndani? Uzi mmoja ulikuwa umejisokota kwenye kidole cha kati, ukakikaza. Mbele ya uzi kidole kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, kinaelekea zambarau.

"Mawe!" Uwimana akamwita mama yake kwa Kirundi, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kipriani akashika kimkasi chake. Akakisogeza, akakirudisha, akakiweka chini.

"Siwezi, Mama Niyonkuru. Nitamkata."

"Hospitali!" nikapiga kelele.

"Tutakwenda," Uwimana akasema. "Uzi kwanza, nauona vizuri. Mama Hashimu, nipe ule mkasi mdogo wa ncha butu ulio kabatini mwako dukani, na maji ya moto na sabuni."

Nikakimbia, mimi nisiyekimbizwa na mtu. Aliuosha mkasi, akanawa mikono yake, akakaa akielekea barabarani kwenye mwanga. Akamrudisha mtoto ziwani. "Ihorere, mwana wanje," akamnong'oneza mwanawe kwa Kirundi, anyamaze. Mtoto alikwepa, akarudi, mwisho akashika, na alipoanza kunyonya mkono ukalegea.

Kwa tundu la sindano, upande usiochoma, Uwimana aliunyanyua uzi kidogo tu. Kwa kidole gumba akaibonyeza nyama chini, mbali na mkasi. Akakata. Akaushika uzi kwenye ncha na kuufungua mzunguko mmoja mmoja, bila kuuvuta. Mikono ile haikutikisika hata chembe. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Tukatazama kidole. Alama ya uzi ilibaki imezama, lakini wekundu ule mbaya ukaanza kuondoka kidogo kidogo. Kipriani aliwapakia wote wawili kwenye baiskeli wakaenda hospitali. Nesi akakikagua kidole kwenye mwanga mkali, usije ukawa umebaki hata unyuzi mmoja. Hakuuona. Ngozi haikukatika. Aliwaambia mikono ikae wazi na kucha ziwe fupi.

Kesho yake asubuhi baraza ilikuwa imejaa wateja waliofuata sare. Kipriani hakuikalia cherehani. Alisimama mbele ya mkewe.

"Zile kucha," akasema, na watu wote wanasikia, "ni wewe wa kuzikata. Nilikosea kukutolea maneno yale. Nielekeze nikushikie."

Nilifikiri Uwimana atamkomoa kidogo. Mimi ningemkomoa mpaka jioni. Yeye akasema tu, "Subiri alale."

Mtoto alipolala baada ya kuoga na kunyonya, kucha zikiwa bado laini kwa maji, Kipriani alimpakata kwenye mwanga. Uwimana alishika kidole kimoja, akaivuta nyama ya ncha chini mpaka ukucha ukabaki peke yake, akakata kwa kufuata mviringo wake. Hakukata sana; aliacha weupe mwembamba. Akapitisha tupa laini ya kucha kwenye pembe, kisha akajipitishia ule ukucha shavuni mwake mwenyewe kuona kama unakwaruza. Kidole kikitikisika, anangoja. Kipriani alibana pumzi mpaka nikamkumbusha kupumua.

Vidole vyote vikaisha bila tone la damu. Nimeona mafundi wengi maishani, wa nguo na wa maneno, na hakuna aliyenifanya nisimame wima nikamtazama kama nilivyomtazama binti yule.

Baadaye mtoto akaamka, akanyanyua ngumi, akaifungua, akaanza kujisugua uso wote, macho na pua. Kipriani akashtuka, akanyoosha mkono amzuie.

"Mwache," Uwimana akasema, na akaendelea kunywa uji wake.