Chumvi ya Desemba

Mwaka 1993, Damayanti ndiye aliyekuwa na kompyuta ya kukodisha pale Miembeni, Bukoba, na hakuwa na subira na watu wasioeleza shida yao. Barua ya Ildefons, mkulima wa Ngenge, ilimkera: "Naomba bajeti ya nyumba yangu kwenye kompyuta." Basi! Pesa huingia lini, hutumika kwa nini, ni pesa ya nchi gani, hakusema. Akamrudishia maswali hayo matatu.

Mwezi Juni Ildefons alikuja mwenyewe, suti ya kanisani ikimpwaya.

"Pesa ni ya kahawa, huja mara moja tu, Desemba. Hadi hapo tunakula akiba ya mwaka jana," alisema. "Shilingi zetu. Zile za Uganda nilizorudi nazo vitani tunawashia moto."

Akatoa orodha ya matumizi. Damayanti akaingiza chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sanda. Vidole vikasita. Sanda ilikuwa moja kila mwezi, Julai hadi Novemba, na baada ya kila sanda chumvi ilipungua. Desemba chumvi ilikuwa sifuri.

"Mzee, hapa umekosea."

"Sijakosea, mama. Tuko watano, ugonjwa huu umetushika sote, na nimewaangalia vizuri. Novemba ni mimi."

Kompyuta ikajumlisha. Salio lilishuka mwezi hadi mwezi, kisha Desemba likapanda ghafla. Ildefons akainamia kioo, akalisoma taratibu, uso ukamchangamka.

"Kumbe mwaka huu tutabakiza!"